Umeacha kazi: barua ya mwajiri inapokujibu

MTANGAZAJI: Wengi wenu huondoka kambini kwenda kutafuta kibarua Kampala, kisha siku moja mnaamua kurudi kwa familia. Leo tunazungumzia karatasi moja unayopaswa kuipata kabla ya kupanda basi: barua ambayo mwajiri anajibu kwamba amekubali uache kazi.

Tuchukue mfano wa dada fundi cherehani katika karakana ya Kyebando, Kampala. Alianza kazi tarehe 1 Februari 2024, kwa mshahara wa shilingi 390,000 kwa mwezi. Tarehe 1 Septemba 2025 alitoa barua ya kuacha kazi. Majibu yamefika hivi:

SAUTI: "Tumepokea barua yako ya tarehe 1 Septemba 2025 na tumekubali. Siku yako ya mwisho kazini ni tarehe 30 Septemba 2025. Utalipwa mshahara wa Septemba pamoja na siku 14 za likizo ambazo hukuzitumia. Kabla ya kuondoka, rudisha ufunguo wa stoo, aproni mbili na simu ya kazi, na fomu ya makabidhiano isainiwe na msimamizi, mtunza stoo na mhasibu."

MTANGAZAJI: Mara nyingi barua kama hii huandikwa kwa Kiingereza. Mtafute mtu unayemwamini akusomee yote kabla hujaisaini.

Tuanze na siku ya mwisho, maana pesa zote zinahesabiwa kutoka hapo. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inataka notisi ya mwezi mmoja kwa mtu aliyefanya kazi kuanzia mwaka mmoja mpaka miaka mitano. Fundi wetu ametimiza hilo. Kama mwajiri anamwambia, "Sawa, ondoka leo leo," amwombe aandike kwamba mwezi ule wa notisi utalipwa. Neno la mdomo haliwezi kuonyeshwa kwa afisa.

Sasa likizo. Sheria inampa mfanyakazi siku 7 zenye malipo kwa kila miezi minne ya kazi. Kutoka Februari 2024 mpaka mwisho wa Septemba 2025 ni miezi 20, yaani siku 35. Tuseme dada huyu alikwisha pumzika siku 21. Zimebaki 14, kama barua inavyosema. Lakini siku 14 ni shilingi ngapi? Mwajiri akigawa mshahara kwa siku 30, kila siku ni shilingi 13,000, na likizo inakuwa 182,000. Akigawa kwa siku 26 za kazi, ni 15,000 kwa siku, na likizo inakuwa 210,000. Tofauti ni shilingi 28,000, nauli ya mtu hiyo. Kwa hiyo uliza hesabu imefanywaje, tena uangalie mkataba wako. Makato nayo yaandikwe moja moja kwa jina: kodi ni kiasi gani, NSSF ni kiasi gani. Ukiona "makato mengine" tu, uliza ni yapi.

Malipo yote hayo sheria inataka yatoke ndani ya siku 7 baada ya kazi kuisha. Kwa fundi wetu, mwisho ni tarehe 7 Oktoba.

Kwenye makabidhiano ndipo ugomvi huzaliwa. Unamwachia mlinzi ufunguo, wiki ijayo unaambiwa umepotea na pesa yako imezuiliwa. Mpe mtunza stoo mwenyewe, asaini palepale mbele ya kila kitu, aandike na tarehe. Cherehani uijaribu mbele ya msimamizi, ionekane inashona. Fomu ikikamilika, ipige picha kwa simu. Na kama ofisi iliwahi kuweka kitambulisho chako cha mkimbizi, kidai siku hiyohiyo. Hicho ni chako, si mali ya karakana.

Angalia pia sentensi ya chini kabisa. Wakati mwingine fomu inasema, "Nimelipwa yote, sina dai lingine." Usiisaini mpaka pesa iwe mkononi au imeingia kwenye simu. Ukilazimishwa kusaini kwamba umepokea fomu, andika kwa mkono: "Bado sijalipwa," na tarehe.

Omba pia hati ya utumishi. Ukiomba, mwajiri anapaswa kukupa, nayo inaonyesha ulifanya kazi gani na kwa muda gani. Sababu ya kuondoka haiandikwi mpaka wewe mwenyewe uitake.

Na tarehe 7 ikipita bila malipo? Kyebando iko katika divisheni ya Kawempe, chini ya KCCA, yaani mamlaka ya jiji la Kampala. Muulizie hapo afisa wa kazi. Beba nakala ya barua yako, majibu ya mwajiri na ile fomu yenye saini.

(MUZIKI)