Anasimama Karibu na Rede, Lakini Hachezi

Saa nne asubuhi kengele ya mapumziko inalia. Tumchukue binti wa miaka 9, mwenye usonji, anayesoma darasa la tatu katika shule ya msingi ya kawaida. Anatoka mbio na wenzake hadi mahali wanapochezea rede. Wasichana wawili wamesimama huku na huku wakirushiana mpira wa soksi, na katikati yupo mmoja anayeukwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa ya maji. Binti wetu anasimama kando. Wakicheka, anacheka. Wakisogea, anasogea. Baada ya muda anauzunguka mwembe, anarudi, anasimama palepale. Mwalimu wa zamu akitupa jicho kutoka mlangoni mwa ofisi anaona kundi la wasichana wanaocheza. Kengele inalia tena, na binti hajaugusa mpira, hajaitwa jina, hajasemeshwa na mtu.

Mwaka 2017 Michelle Dean, Robin Harwood na Connie Kasari walichapisha uchunguzi wa jambo hilihili kutoka viwanja vya shule za Marekani. Waliona kwamba mvulana mwenye usonji hutambulika upesi, kwa sababu wavulana wengi hucheza michezo yenye sheria na yeye yuko peke yake. Msichana mwenye usonji hukaa karibu na kundi, akiingia na kutoka, hivyo anayetazama kwa mbali hudhani yumo. Shida yake si ndogo kuliko ya mvulana. Ni kwamba yake haionekani.

Sasa, kila Jumatano mchana binti huyu anahudhuria kikundi cha stadi za kuhusiana na wenzake. Ni watoto watano, watu wazima wawili, saa moja na nusu. Mule ndani anafanya vizuri sana. Anasalimia, anasubiri zamu, na ukimuuliza mtu afanyeje akitaka kujiunga na mchezo, anakutajia hatua zote bila kuruka hata moja. Mama yake anafurahi, wawezeshaji wanafurahi. Alhamisi saa nne yuko tena kando ya rede.

Tofauti hiyo kati ya Jumatano na Alhamisi ndiyo moyo wa suala zima, na imepimwa. Mwaka 2017 huohuo Jacquelyn Gates, Erin Kang na Matthew Lerner waliunganisha matokeo ya majaribio 19 ya vikundi vya aina hii. Vijana wenyewe walisema wamefaidika sana, ila faida waliyoieleza ilikuwa ya kujua nini kifanyike, si ya kukifanya. Wazazi waliona mabadiliko madogo. Walimu, ambao ndio wanaomwona mtoto akiwa na wenzake, hawakuonyesha mabadiliko ya kuaminika. Miaka 40 kabla ya hapo, mwaka 1977, Trevor Stokes na Donald Baer walikuwa wameshaipa jina kasoro hii: kufundisha kisha kutumaini. Unamfundisha mtoto mahali pamoja, halafu unatumaini ujuzi utamfuata kwa miguu yake hadi mahali pengine. Kwa mtoto mwenye usonji mara nyingi haumfuati, kwa sababu alichojifunza amekishika pamoja na chumba kile, kiti kile, na sauti ya dada yule anayemuuliza kwa upole. Uwanjani hakuna hata kimoja kati ya hivyo.

Basi tuanze na kinachofundishwa. Vikundi vingi huanza na adabu za watu wazima: salamu, ahsante, na sentensi kama "Samahani, naomba kucheza nanyi." Kaa chini ya mti shuleni siku mbili na daftari, usikie kama kuna mtoto hata mmoja anayesema hivyo. Watoto hutazama kwanza. Husogea. Husifu, "Umekwepa vizuri!" Huuokota mpira uliotoka nje na kuurudisha. Mmoja akitolewa na mchezo ukasimama kidogo, hapo ndipo mtu anasema, "Mimi nimo!" na anaingia. Martha Putallaz na John Gottman waliona mtindo huu kwa watoto wa Marekani tangu mwaka 1981: wanaopendwa na wenzao huingia kwa kusema jambo linalohusu mchezo unaoendelea, na wasiopendwa huukatiza kwa maswali na habari zao wenyewe. Fred Frankel na Elizabeth Laugeson, waliofanya kazi Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, wamejenga mafunzo yao juu ya msingi huu: fundisha wanachokifanya watoto wanaokubalika, si kile ambacho watu wazima wanadhani wangefaa kukifanya.

Kwa binti wetu, stadi moja tu inatosha kwa wiki kadhaa, nayo ni kuingia kwenye rede. Lakini rede ipi? Sheria za rede hubadilika kutoka mtaa hadi mtaa. Mpira ukikugusa nguo umetoka au bado? Chupa ikianguka unaanza upya? Wangapi wanaruhusiwa kati kwa wakati mmoja? Mwezeshaji asiyekwenda kuuliza atafundisha rede ya utoto wake, na mtoto mwenye usonji, ambaye huzishika sheria kwa uaminifu mkubwa, atakwenda uwanjani kugombana na wenzake kwamba wanakosea. Kwa hiyo kazi ya kwanza haimhusu mtoto. Ni ya mtu mzima kwenda shuleni, kutazama, na kuandika sheria za pale.

Kazi ya pili ni kuleta uwanja ndani ya chumba. Leta mpira wa soksi wenyewe, chupa ileile, na mchanga hata kama fagio litahitajika baadaye. Watoto wacheze, na binti azoee vipande vitatu tu: kutazama hadi ajue nani anarusha na nani yuko kati, kusema neno moja la kusifu, na kungoja mtu atoke ndipo aseme "Mimi nimo!" Tena azoee kukataliwa. Laugeson huwaambia vijana wake kwamba karibu nusu ya majaribio ya kuingia hukataliwa, hata kwa wanaopendwa. Naona hili lingetakiwa kufundishwa siku ya kwanza. Mtoto aliyezoea chumbani kwamba hatua sahihi huzaa jibu la ndiyo, akikutana na "Tumeshatimia!" uwanjani ataamini amekosea, na hatajaribu tena. Afundishwe la kufanya baada ya hapana: aende kwenye kamba, au aje tena raundi ijayo.

Kisha mchezo unahamishwa kidogokidogo. Wiki moja unachezwa chumbani. Inayofuata unachezwa uwanjani baada ya masomo, wakati hakuna kelele. Halafu uwanjani palepale na wanafunzi wawili wa darasa lake. Mwisho ni mapumziko yenyewe, saa nne, vumbi na makelele yote yakiwapo. Kila hatua inabadilisha kitu kimoja na kubakiza vingine. Ukiruka kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, umerudi kwenye kutumaini.

Lakini hata ngazi hii haitoshi kama anayefundishwa ni mtoto mmoja tu. Mwaka 2012 Connie Kasari na wenzake walitoa matokeo ya jaribio lililohusu watoto 60 wenye usonji katika shule za kawaida. Wengine walifundishwa na mtu mzima, ana kwa ana. Kwa wengine, waliofundishwa ni wanafunzi watatu wa darasa lao: namna ya kumtambua mtoto aliyebaki pembeni, kumkaribisha, na kuendelea hata asipojibu upesi. Baadhi walipata vyote viwili, na baadhi hawakupata chochote. Mafunzo yalichukua wiki 6. Watoto ambao wenzao ndio waliofundishwa walitajwa zaidi na wanafunzi wengine kuwa marafiki, na walionekana mara chache zaidi wakiwa peke yao uwanjani. Urafiki wa pande mbili, yaani namtaja nawe unanitaja, haukuongezeka kwa namna hiyo. Hilo lina uzito wake. Kukaribishwa kwenye mchezo kunaweza kupangwa na watu wazima. Urafiki huchukua muda wake.

Kuwachagua hao watatu kunahitaji jicho. Mwalimu huvutika kumteua kiranja wa darasa, kwa kuwa ni mtiifu, lakini kiranja akimwita mtu kucheza huonekana anatekeleza amri. Afadhali msichana ambaye tayari huanzisha rede na kuachwa apange timu. Mfundishe maneno mawili: "Njoo, wewe zamu ya pili," na "Shika chupa." Si lazima umtaje binti wetu. Zungumza juu ya yeyote anayesimama kando, maana hakosekani mwingine.

Makosa yanayoharibu kazi hii ni mengi, ila mawili yananisumbua zaidi. La kwanza ni msaidizi anayemfuata mtoto kama kivuli. Mtu mzima akisimama nusu mita kutoka kwa mtoto, wenzake huzungumza na mtu mzima, au hukimbia. Msaidizi aanzishe mchezo, ahakikishe vifaa vipo, kisha aondoke hadi ukutani. Utajua amekaa mno pale mtoto anapomtazama yeye kabla ya kurusha mpira.

La pili ni kumfundisha mtoto aigize asiyekuwa yeye. Kuna mitaala inayompa mtoto nyota kwa kumtazama mtu machoni, na mingine humpunguzia nyota akipunga mikono kwa furaha. Sisi tuliolelewa tukiambiwa kwamba kumkazia macho mkubwa ni utovu wa adabu tungepaswa kuwa wa kwanza kushangaa, maana kutazamana machoni si kipimo cha ubinadamu popote. Kwa watu wengi wenye usonji ni jambo la kuumiza, na wanaoficha hali yao kila siku hueleza uchovu mkubwa na wasiwasi. Damian Milton, mwanasosholojia ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana huku ni kwa pande mbili: asiye na usonji naye anashindwa kumwelewa mwenye usonji. Rede inachezeka vizuri kabisa na mtu anayetazama mpira badala ya uso. Binti akipunga mikono baada ya kukwepa, mwacheni apunge.

Tena aulizwe. Wapo watoto ambao mapumziko kwao ni nafasi pekee ya kutulia baada ya kelele za darasa la wanafunzi wengi. Huyo akitaka dakika kumi za kwanza chini ya mwembe peke yake, azipate. Anayefaa kufundishwa kuingia kwenye rede ni yule anayeitamani, na binti anayecheka wakicheka na kusogea wakisogea ametuonyesha kwa mwili wake kwamba anaitamani.

Kujua kama kazi inazaa matunda hakuhitaji fomu ndefu. Mwalimu wa zamu, chukua saa na kipande cha karatasi, kaa ukiwa karibu kiasi cha kusikia maneno, umtazame mtoto mmoja kwa dakika 15. Kila dakika ikitimia andika herufi moja: P akiwa peke yake, K akiwa karibu tu, M akiwa mchezoni kweli, yaani ameshika mpira, amesemeshwa, au anangoja zamu ambayo wenzake wanaijua. Fanya hivyo siku tatu kabla ya kikundi kuanza, na siku tatu kila mwezi baada ya hapo. Zile K zihesabu kwa makini kuliko zote, hasa kwa wasichana. Zikibaki nyingi kama mwanzo, usimwongezee mtoto Jumatano nyingine. Nenda kazungumze na wale wenye mpira.