Namba 329304: Jinsi ya Kusoma Tangazo la Dawa Inayoondolewa Sokoni

Aprili 2024 mamlaka ya dawa ya Nigeria, NAFDAC, ilitangaza kwamba imeipima dawa ya maji ya kikohozi cha watoto, Benylin Paediatric, na kukuta ndani yake kiasi kikubwa cha diethilini glaikoli. Hiyo ni sumu. Siku chache baadaye Kenya, Tanzania na Rwanda nazo zikaagiza dawa hiyo iondolewe sokoni. Wazazi wengi waliosikia habari hizo redioni walishika jina tu, Benylin. Lakini jina halikutosha kumwambia mtu kama chupa iliyo kabatini mwake ndiyo inayotafutwa.

Tangazo lilitaja toleo moja: namba 329304, lililotengenezwa Afrika Kusini Mei 2021 na kumaliza muda wake Aprili 2024. Viwanda vya dawa hutengeneza kwa mikupuo. Kila mkupuo hupewa namba yake, na chupa zote zilizotoka katika mkupuo mmoja hubeba namba hiyo hiyo. Ikiingia malighafi chafu, huharibu mkupuo huo. Uliotengenezwa mwezi uliofuata unaweza kuwa salama kabisa.

Namba ya toleo hupigwa chapa karibu na tarehe ya kuisha muda, mara nyingi ubavuni mwa boksi au kwenye lebo ya chupa, mbele ya maandishi kama Batch No., BN au LOT. Hapo ndipo wengi hukosea. Hutazama tarakimu zilizo chini ya mistari myeusi inayosomwa na mashine ya dukani, au namba ya usajili wa dawa, wakaona hazilingani na za tangazo, wakaendelea kumnywesha mtoto. Namba hizo mbili hazisaidii chochote hapa, kwa kuwa zinafanana katika matoleo yote ya dawa hiyo. Inayotakiwa ni ya toleo, na isomwe tarakimu kwa tarakimu, kisha tarehe zilinganishwe na zile za tangazo.

Tena tangazo la kwanza si lazima liwe la mwisho. Mamlaka ya Afrika Kusini ilipolishughulikia suala hili iliongeza toleo la jirani, 329303. Aliyesoma habari ya kwanza tu na kuona chupa yake inaishia na 3, angeirudisha kabatini akiamini yuko salama. Kwa hiyo inafaa kurudi kuangalia tangazo baada ya siku kadhaa. Na kama lebo imechanika, au dawa ilihamishiwa chupa nyingine, busara ni kuihesabu kuwa imo.

Sehemu ya hatari ndiyo inayostahili kusomwa polepole kuliko zote. Diethilini glaikoli ni kimiminika kitamu kinachotumika viwandani, na huweza kuingia kwenye dawa za maji pale viyeyusho halali kama gliserini vinapochafuliwa au kughushiwa. Ulimi hauwezi kuigundua. Matangazo yalitaja maumivu ya tumbo, kutapika, kuharisha, kushindwa kukojoa, kuumwa kichwa, kuchanganyikiwa na figo kuharibika kiasi cha kuweza kuua. Katika orodha hiyo, kutapika na kuharisha mzazi huweza kudhani ni homa tu. Kutokojoa ni jambo jingine: mtoto aliyekunywa dawa hiyo kisha nepi ikabaki kavu kwa saa nyingi anahitaji hospitali mara moja, na chupa iende naye ili daktari aisome namba.

Kampuni inayomiliki dawa hiyo, Kenvue, ilisema vipimo vyake yenyewe havikuikuta sumu hiyo katika toleo lililotajwa. Msomaji anaweza kujiuliza amwamini nani. Ila tangazo la namna hii hutolewa ili watu waache kutumia dawa wakati uchunguzi unaendelea, na kwa sumu inayoua figo za mtoto, kusubiri maabara zikubaliane ni kucheza na uhai wake.

Mwisho tangazo hueleza cha kufanya, na hapo kila bidhaa ina lake. Samsung ilipoondoa sokoni simu za Galaxy Note 7 mwaka 2016 kwa sababu betri zilikuwa zikishika moto, wanunuzi walipewa simu nyingine au kurudishiwa fedha. Kwa Benylin, Bodi ya Famasia na Sumu ya Kenya iliagiza maduka ya dawa, vituo vya afya na wananchi kuitenga dawa hiyo, kuacha kuiuza na kuitumia, na kuirudisha kwa waliowauzia. Kuirudisha kuna maana yake: mamlaka hupata kujua ni chupa ngapi zimekusanywa na ngapi bado ziko mitaani, jambo lisilowezekana dawa ikimwagwa kwenye sinki. Kama tangazo halitaji fidia, mnunuzi anayetaka fedha yake amuulize mwenye duka, akiwa na risiti ikiwa bado anayo, lakini chupa aiache pale dukani hata akikataliwa.