Nusu Om Imetoka Wapi?

Rezista za om 6 na om 3 zimeungwa sambamba. Mwanafunzi anaandika jibu: om 0.5. Kama zingeungwa kwa mfululizo, kosa lingeonekana upesi, maana jumla ni 9 na lazima izidi rezista kubwa. Kwenye sambamba, wengi hukagua tu kwamba jibu ni dogo kuliko 3, na 0.5 inapita. Kipimo hicho hakitoshi. Rezista mbili sambamba haziwezi kushuka chini ya nusu ya ile ndogo, yaani 1.5.

Kanuni imepinduliwa: amegawa jumla kwa zao, 9/18, badala ya 18/9. Thibitisha kwa volti 6: ampea 1 na ampea 2 ni ampea 3, hivyo ukinzani ni om 2.