Senti Nzima na Desimali Zisizoandikika: Uhifadhi wa Fedha katika Hifadhidata za Ankara

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini fedha katika hifadhidata za ankara huhifadhiwa kwa idadi ya senti nzima, badala ya shilingi zenye nukta ya desimali. Hoja yetu ni kwamba kosa dogo linalojitokeza katika njia hii ya pili halitokani na kompyuta kushindwa kujumlisha, bali na mfumo wa maandishi unaotumika kuwakilisha namba.

2.0 Chanzo cha Kosa

Kila mfumo wa tarakimu una sehemu usizoweza kuziandika kikamilifu. Katika msingi wa kumi, theluthi huandikwa 0.333 bila kikomo, kwani 3 si kigawo cha 10. Kompyuta hutumia msingi wa mbili. Kwa hiyo huandika kikamilifu nusu, robo, thumuni na nyingine zinazopatikana kwa kugawanya kwa mbili tu. Sehemu ya kumi haimo, kwa kuwa 10 ina kigawo cha 5.

Namba za nukta inayoelea, yaani zile ambazo nukta yake huhama kufuatana na ukubwa wa namba, kwa kawaida hutengewa biti 64. Mfululizo usio na kikomo hauna budi kukatwa, na 0.1 huhifadhiwa kama takriban 0.1000000000000000056. Kati ya senti 0 hadi 99, ni nne tu zinazoandikika kikamilifu kama sehemu ya shilingi: 0, 25, 50 na 75.

3.0 Mfano

Tuchukue mteja anayedaiwa shilingi 1, naye akalipa senti 10 mara kumi. Malipo hayo yakijumlishwa moja baada ya jingine, jumla huwa 0.9999999999999999. Ikichapishwa kwa tarakimu mbili za desimali husomeka 1.00, hivyo karani haoni kasoro. Lakini programu ikiuliza kama malipo yanalingana na deni, jibu ni hapana, na ankara iliyokwisha kulipwa hubaki katika orodha ya madeni. Iwapo kilichohifadhiwa ni 10 mara kumi dhidi ya deni la 100, ulinganifu ni kamili.

4.0 Mipaka ya Njia Hii

Senti nzima haziondoi tatizo la mgawanyo. Senti 1000 zikigawiwa watu watatu, kila mmoja hupata 333 na moja husalia. Lazima iwepo kanuni ya kuamua nani aibebe. Tofauti ni kwamba baki hili huonekana. Vilevile, jina la sarafu halina budi kuandikwa kando ya idadi, kwani riali ya Omani ina baisa 1000, ilhali yeni ya Japani huhesabiwa bila kipimo kidogo.

5.0 Hitimisho

Kwa hiyo, nukta ya desimali ni suala la kumwonyesha msomaji. Kinachohifadhiwa na kulinganishwa kiwe idadi kamili.