Kikosi Kinahama, Koini Zinabaki

Mtu aliyecheza eFootball kwa miaka kwenye simu ya Android, siku anayonunua iPhone swali lake la kwanza ni kama kikosi chake kitakuja. Kitakuja. Wachezaji aliowasajili, viwango alivyowapandisha na pointi za GP alizokusanya kwa kushinda mechi, vyote vinahama. Koini ndizo zisizohama. Konami, kampuni ya Japani inayotengeneza gemu hiyo, hutenga koini kulingana na mfumo wa simu: ulizo nazo kwenye Android huzioni ukiingia kwa iPhone, hata kama akaunti ni ile ile na kikosi ni kile kile. Wengi hulijua hilo wakiwa wameshahama na simu ya zamani imeshapata mnunuzi.

Kinachoamua kipi kihame na kipi kibaki ni mahali kilipoandikwa. Vitu vya gemu huwa kama deni la dukani: vipo katika daftari la mtu fulani, na ukienda kwa mwenye daftari jingine hana habari nawe. Daftari la kwanza ni simu yenyewe. La pili ni la duka la programu, yaani Play Store kwa Android na App Store kwa iPhone. La tatu ni la kampuni yenye gemu, nalo liko kwenye kompyuta zake, mbali na simu yako. Kilichoandikwa kwenye simu hufa na simu. Kilichoandikwa dukani hubaki na duka hilo. Kilichoandikwa kwa kampuni hukufuata popote, isipokuwa kampuni iwe imeamua vingine, kama Konami ilivyofanya kwa koini.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua akaunti yako imeshikwa na nini. Hapa kuna mtego. Gemu nyingi hukuruhusu kuanza kama mgeni, bila jina wala nenosiri. Ukicheza hivyo mwaka mzima, akaunti yako ni ya kifaa hicho tu, na ukifuta gemu au simu ikiibwa, umeipoteza. Mtego wa pili umejificha zaidi. Kuna kuingia kwa akaunti ya Google, na kuna kuingia kwa Google Play Games. Vyote vinatumia Gmail ile ile, kwa hiyo watu huvichanganya. Akaunti ya Google inafanya kazi hata kwenye iPhone, mradi gemu iwe na kitufe chake. Google Play Games haipo kwenye iPhone. Kazi ya namna hiyo huko hufanywa na Game Center ya Apple, na hizo mbili hazizungumzi. Ukifungua gemu kwenye Android ukaona kialama cha Play Games kikikukaribisha kwa jina lako, usidhani umeshajihifadhi. Ingia kwenye mipangilio ya gemu utafute njia inayofanya kazi pande zote mbili: akaunti ya kampuni yenyewe, Facebook, au Google ya kawaida.

Kwa eFootball njia hiyo ni KONAMI ID. Unajisajili kwa baruapepe, kisha ukiwa bado kwenye Android unaingia sehemu ya msaada ndani ya gemu na kuunganisha data yako na kitambulisho hicho. Usiharakishe hapo. Funga gemu, ifungue tena, urudi kuhakikisha kwamba inaonyesha imeunganishwa. Piga picha ya skrini yenye namba yako ya mchezaji. Kwenye iPhone, pakua gemu kutoka App Store, na kabla hujaanza timu mpya tafuta menyu ya ukurasa wa mwanzo, uchague kuhamisha data, uingie kwa KONAMI ID ile ile. Ukiona kikosi chako, umefika. Ukiona gemu inakuomba uchague jina na timu kana kwamba hujawahi kucheza, simama hapo hapo: umeingia kwa njia nyingine, au kuunganisha hakukukamilika. Rudi kwenye Android ukague.

Sasa koini. Tuseme mchezaji ana koini 1,150 kwenye Android. Akihama nazo hivyo, iPhone haitamwonyesha hata moja kati ya hizo. Lakini mchezaji aliyesajiliwa kwa koini si koini tena. Ameingia kwenye kikosi, na kikosi kinahama. Kwa bei iliyozoeleka ndani ya gemu, kujaribu bahati mara moja ni koini 100 na mara kumi ni 900. Anaweza kuchukua kumi kwa 900, abaki na 250, achukue wawili mmoja mmoja, na koini 50 zitakazosalia ndizo hasara yake. Ni afadhali sana kuliko kupoteza zote. Hata hivyo si lazima azimalize usiku mmoja kwa wachezaji asiowataka. Kama simu ya zamani itabaki nyumbani, aahirishe kuhama hadi litoke boksi analolisubiri, azitumie, ndipo ahame. Kosa kubwa kuliko yote ni kununua koini kwenye Android wiki ya mwisho kwa sababu ya ofa.

Wapo wanaoamini kwamba Apple ndiyo inayozuia. Sivyo. Kanuni za Apple kwa watengenezaji wa programu, kifungu 3.1.3(b), zinaruhusu gemu ya mifumo mingi imwache mchezaji atumie alichonunua kwenye mfumo mwingine, hata vitu vya kutumika vikaisha kama koini, mradi vitu hivyo viuzwe pia ndani ya programu kwenye iPhone. Kwa hiyo uamuzi ni wa kampuni ya gemu. Sababu za kihesabu si ngumu kuziona: aliyelipa kwa Play Store amelipa kupitia Google, Google imekata kamisheni yake, na akidai kurudishiwa pesa, atarudishiwa na Google. Koini zikitengwa kwa duka, hesabu hizo hazigongani. Naielewa sababu hiyo, lakini anayeibeba hasara ni mchezaji, na mahali pa kumwonya ni pale anapolipa, kabla pesa haijatoka.

Kwamba inawezekana kufanya vingine, angalia Clash of Clans. Supercell, kampuni ya Ufini, ina Supercell ID: unaandika baruapepe, unatumiwa namba ya tarakimu sita, unaiingiza, basi. Ukifanya hivyo kwenye iPhone, kijiji kinafunguka kama ulivyokiacha, na vito vya kijani ulivyonunua kwenye Android vimo, kwa sababu vimeandikwa kwenye kijiji. Hapo hakuna cha kumaliza kabla ya kuhama. Kinachotakiwa ni baruapepe unayoweza kuifungua.

Na hapo ndipo wengi wetu tunapokwama. Simu nyingi huku kwetu hufunguliwa Gmail na kijana wa dukani siku ya kununua. Anaandika jina lolote, anaweka nenosiri analolijua yeye, anakukabidhi simu ikiwa tayari. Miaka inapita simu ikifanya kazi bila kukuuliza kitu, na gemu zote zimeegemea Gmail hiyo. Kabla ya kuhama, fungua mipangilio ya simu, nenda sehemu ya Google, soma anwani iliyoandikwa pale. Kisha jaribu kuingia kwa anwani hiyo kwenye simu ya mtu mwingine. Ukishindwa, badilisha nenosiri sasa, na uweke namba yako ya simu ya kurejesha akaunti, maana simu ya zamani ndiyo inayotambuliwa na Google na ndiyo yenye nafasi nzuri ya kukurejesha. Ikishafutwa na kuuzwa, ushahidi huo umekwenda.

Minecraft ina sura yake. Gemu yenyewe hulipiwa kabla ya kupakua, kama dola 7 za Kimarekani, na malipo hayo yako katika daftari la Play Store. Kwenye iPhone utainunua upya. Hakuna risiti itakayomshawishi App Store. Ulivyonunua ndani ya Marketplace, kama mavazi na ramani, vinakufuata ukiwa umeingia kwa akaunti ya Microsoft. Dunia ulizojenga ni habari nyingine: zimekaa kwenye simu, wala akaunti haizigusi. Kwa kila dunia unayoipenda, bonyeza alama ya kalamu kando ya jina lake, shuka hadi Export World, utapata faili linaloishia na `.mcworld`. Lipandishe Google Drive, lishushe kwenye iPhone, uliguse ulifungue kwa Minecraft. Mtoto aliyejenga mji wake kwa miaka miwili atakulaumu kwa mji huo, si kwa dola 7.

Programu ya Apple iitwayo Move to iOS, ambayo huhamisha namba za watu, picha na ujumbe, haiokoi lolote katika haya. Kwa upande wa gemu inachoweza ni kukuwekea tayari programu za bure zilizopo katika maduka yote mawili. Zinakuja tupu. Vivyo hivyo kitufe cha Restore Purchases unachokikuta kwenye gemu nyingi za iPhone: kinarudisha vilivyonunuliwa kwa akaunti yako ya Apple. Kama ulilipa kwenye Android ili kuondoa matangazo katika gemu isiyo na akaunti, kitufe hicho hakitapata kitu, na matangazo yataendelea mpaka ulipe tena. Salio la Play Store na kadi za zawadi za Google navyo havivuki, basi vitumie huko huko.

Ukihama na kitu kikakosekana ilhali kilipaswa kuja, andikia watoa msaada wa gemu ukiwa na ushahidi. Kila ununuzi wa Play Store huletewa risiti kwa Gmail, na ndani yake kuna namba ya oda inayoanza na GPA, ikifuatwa na tarakimu nyingi zenye vistari. Namba hiyo pamoja na picha ya namba yako ya mchezaji vina uzito kuliko maelezo marefu ya jinsi ulivyohangaika.

Limebaki la malipo ya kila mwezi. Ukiwa umejiunga na pasi ya gemu kupitia Play Store, kufuta gemu hakuyasimamishi, wala kuuza simu. Google itaendelea kukata kwenye kadi au namba uliyoisajili. Fungua Play Store, gusa picha yako juu kulia, ingia Payments & subscriptions, kisha Subscriptions, ufute moja moja. Kama simu imeshaondoka mikononi, fungua play.google.com kwenye kivinjari cha iPhone, ingia kwa Gmail ile ile, orodha utaikuta huko. Ukishaifuta utaendelea kuitumia hadi mwisho wa kipindi ulicholipia, kwa hiyo hakuna sababu ya kungoja tarehe ya mwisho.