Baada ya baipasi ya tumbo: uji unapita, vidonge vinabaki

Katika upasuaji wa baipasi ya tumbo, daktari hutenga sehemu ndogo ya juu ya tumbo na kuacha kifuko cha takribani mililita 30. Kifuko hicho huungwa na utumbo mwembamba kwa chini, hivyo chakula hakipiti tena kwenye tumbo kubwa lililobaki wala mwanzo wa utumbo, mahali ambapo mwili hufyonza madini mengi ya chuma na kalsiamu.

Mishono inahitaji muda kupona. Siku za mwanzo mgonjwa hunywa maji na supu iliyochujwa, funda baada ya funda. Kisha huja maziwa, mtindi na uji mwepesi. Kuanzia wiki ya tatu hivi hula vyakula vilivyosagwa laini, kama maharage au samaki asiye na miba, na baadaye vyakula laini vya kutafuna. Chakula cha kawaida hurudi kidogo kidogo baada ya miezi miwili hivi, kwa ratiba ya hospitali yake. Nyama ngumu na ugali mgumu hukwama kwa urahisi, kwa hiyo vinaweza kusubiri zaidi. Protini huliwa kwanza, na maji hunywewa nusu saa baada ya mlo.

Hatua hizo zina mwisho, vidonge havina. Tuseme mwalimu wa miaka 38 ameandikiwa madini ya chuma na kalsiamu. Anameza chuma saa moja asubuhi kwa maji, na chai anaisubirisha kwa saa moja au zaidi, maana chai huzuia chuma kufyonzwa. Kalsiamu nayo hushindana na chuma, hivyo anaimeza saa tano, saa kumi na saa tatu usiku, miligramu 500 kila mara, kwa kuwa mwili haufyonzi dozi kubwa vizuri kwa mkupuo. Kalsiamu sitreti humfaa kuliko kaboneti, ambayo huhitaji asidi ya tumbo, na kifuko chake kina asidi kidogo.

Vitamini B12 ndiyo inayonitia hofu zaidi. Ini huwa na akiba ya miaka kadhaa, kwa hiyo mwalimu huyu akiacha vidonge anaweza kujiona mzima kabisa. Mwaka wa tatu ulimi unawasha, nyayo zinaingia ganzi, anaanza kusahau. Kipimo cha damu cha kawaida kinaweza kuonekana kizuri, hasa akiwa anapata asidi ya foliki ya kutosha, huku neva zikiharibika. Lazima apimwe B12 yenyewe. Sindano hurekebisha upungufu, lakini neva zilizokaa muda mrefu bila B12 huenda zisipone zote.

Kutapika hakusubiri miaka. Wiki chache za kutapika humaliza vitamini B1, na dalili zake ni macho kuchezacheza, kuyumba na kuchanganyikiwa. Kabla ya kutundikiwa dripu ya glukosi, mgonjwa au ndugu yake amweleze mhudumu kwamba alifanyiwa baipasi, ili apewe B1 kwanza.