Mtu Aliyejificha Kati ya 9 na 15

Kamera ya ulinzi imepiga picha getini saa nane usiku. Ukiifungua, unaona taa ya barazani na giza totoro. Lakini kwa kompyuta kila pikseli ni namba, kuanzia 0 ambayo ni nyeusi tii hadi 255 ambayo ni nyeupe pe. Tuseme ukizipanga pikseli zote kutoka ndogo hadi kubwa, ya katikati ni 12. Nusu ya picha imebanana hapo chini kabisa. Ukuta ulio mbali na taa ni 9, mtu aliyesimama mbele yake ni 15. Yumo, ila jicho halimwoni.

Wengi hukimbilia kuongeza mwangaza. Mwangaza wa kawaida ni kujumlisha tu: ukiongeza 80, ukuta unakuwa 89 na mtu 95. Tofauti ni ileile 6, na weusi wote umegeuka kijivu cha majivu. Taa nayo imegonga 255, imepoteza umbo. Tunachotaka ni kuuvuta upande wa giza na kuubana upande wa nuru, na njia zinazozoeleka ni mbili.

Ya kwanza ni gama. Unagawanya kila namba kwa 255, unaipandisha kwa kipeo, kisha unazidisha tena kwa 255. Kipeo kikiwa chini ya 1, picha inang'aa. Watu hukisia, 0.5 au 0.4, ilhali kinaweza kukokotolewa. Amua kwanza ile 12 ya katikati itue wapi. Mimi kwa picha ya usiku nalenga 90, maana usiku uliong'arishwa kama mchana huonekana wa uongo:

```
gama = log(90/255) / log(12/255)
```

Jibu ni karibu 0.34. Sasa ukuta unapanda hadi 82 na mtu hadi 97. Tofauti imekuwa 15, na mtu anaanza kuonekana.

Ya pili ni logi. Vitabu vingi huiandika bila kitu cha kurekebisha, na kwa picha yetu fomula hiyo ingeirusha 12 hadi 118, kupita tunapotaka. Afadhali kuiwekea kigezo, tukiite a. Kikiwa kikubwa, giza linavutwa zaidi. Kwa kujaribu namba kadhaa utaona kwamba 80 inaifikisha ile 12 kwenye 91, karibu kabisa na lengo letu. Kwa Python ni mistari mitatu:

```python
x = picha / 255
g = 255 * x ** 0.34
l = 255 * np.log1p(80 * x) / np.log1p(80)
```

Njia zote mbili zimeifikisha pikseli ya katikati karibu mahali pamoja, lakini kwa logi ukuta ni 78 na mtu 101. Tofauti ni 23. Sababu iko chini kabisa ya mstari: gama hupanda kwa kasi kubwa mno karibu na sifuri, kiasi kwamba pikseli ya 1 inarushwa hadi 39, wakati logi inaipeleka 16 tu. Kati ya 0 na 1 mara nyingi hakuna habari yoyote, ni chenga za kamera. Gama inatumia nguvu zake kuzikuza chenga hizo. Ungelenga 128 badala ya 90, kipeo kingeshuka hadi 0.23 na pikseli ya 1 ingefika 71. Hapo giza lote hujaa vumbi.

Logi nayo ina gharama yake, na inalipwa upande wa nuru. Pikseli za 100 na 200 zinaachana kwa 39 tu, wakati gama inaziachanisha kwa kama 50. Ikiwa unachotafuta ni namba ya gari lililoegeshwa chini ya taa, tumia gama.

Utajuaje umevuta kupita kiasi? Fungua histogramu: ikiwa upande wa kushoto umekuwa kama kitana chenye mapengo mapana, ngazi zimekwisha. Kwenye faili la JPEG utaona pia vijiraba vya pikseli 8 kwa 8. Palipokuwa 0 tupu, hakuna kipeo kitakachorudisha kitu. Na ikiwa picha ni ya rangi, vuta mwangaza peke yake. Ukivuta nyekundu, kijani na buluu kila moja kivyake, rangi zitapauka.

Mtu akisimama tuli kwa nusu dakika, chukua fremu 16 za video, tafuta wastani wake, ndipo uvute. Chenga zitapungua hadi kama robo. Ukianza kuvuta kabla ya wastani, faida hiyo inapungua. Matokeo yahifadhi kwa jina jipya, na faili la asili usiliguse, kwa sababu polisi watahitaji hilo.